Tufe laini, kamba na ukuta: suluhisho la zoezi la Alhamisi

Kwa wanafunzi wangu wa jioni hapa Katindo. Alhamisi umeme ulikatika tukiwa katikati ya zoezi, na niliona madaftari yenu kwa mwanga wa simu tu. Nimeyasahihisha. Nawaandikia suluhisho kwa Kiswahili, lugha tunayobishania bei, kwa sababu wengi wenu mnakariri maneno ya kozi kwa Kifaransa bila kuona kani inaelekea wapi.

Zoezi. Tufe laini la chuma, tupu ndani, lina masi ya kilo 6 na nusu kipenyo cha sm 10. Kamba nyepesi ya sm 16 imefungwa kwenye uso wa tufe, na ncha yake ya pili kwenye msumari ulio ukutani. Ukuta umesimama wima na ni laini. Tafuta mvutano wa kamba na kani ambayo ukuta unalisukumia tufe. Chukua g = 10 m/s².

Neno "laini" ndilo zoezi lenyewe. Msifikirie ua wa mawe ya volkeno kama zilivyo nyua nyingi za Goma. Ule unakwaruza hadi koti. Ukuta laini hauna msuguano, kwa hiyo hauwezi kulishika tufe lisishuke wala lisizunguke. Unaweza kulisukuma tu, kwa mlalo, na msukumo huo (R) unapita katikati ya tufe, O. Uzito nao unapita O. Basi kamba haina hiari: mstari wake ukipita pembeni, tufe litazunguka mpaka mstari urudi O.

Wawili kati yenu hawakukubali. Tulichomeka sindano yenye uzi kwenye chungwa, tukaliegemeza kwenye kigae cha jikoni kilichopakwa sabuni. Mwanzoni uzi ulikuwa umekaa upande. Tulipoliachia, chungwa lilijigeuza polepole, likatulia uzi ukielekea katikati. Yaliyobaki ni hesabu.

Iite C sehemu ya msumari, na A mahali tufe linapogusa ukuta. Pembetatu OAC ina pembe mraba kwenye A:

OA = 10 sm
OC = 10 + 16 = 26 sm
AC = √(26² − 10²) = √576 = 24 sm

Hapo kwenye OC ndipo karibu nusu ya darasa ilipoanguka. Mliandika 16, mkasahau kwamba kutoka uso wa tufe hadi O kuna sm 10 nyingine. Ukifanya hivyo unapata mvutano wa karibu N 77, na hesabu zote zinazofuata zinaonekana safi kabisa, ndiyo maana kosa hili ni baya.

Pembe θ kati ya kamba na ukuta: sin θ = 10/26 = 5/13, cos θ = 24/26 = 12/13. Uzito W = 6 × 10 = 60 N. Mvutano wa kamba tuuite T.

Wima: T cos θ = W
T = 60 × 13/12 = 65 N

Mlalo: R = T sin θ
R = 65 × 5/13 = 25 N

Hakiki: 60² + 25² = 3600 + 625 = 4225 = 65². Imekaa.

Aliyeandika T = W cos θ alipata N 55 na kidogo. Angejiuliza tu: kamba imeinama, na sehemu yake ya wima peke yake ndiyo inayobeba uzito wote, N 60. Itakuwaje kamba nzima ivute chini ya hapo?

Mimi binafsi napenda njia ya pembetatu za kufanana. Kani tatu zina mielekeo ya pande za OAC, kwa hiyo W/24 = T/26 = R/10. Na 60/24 ni 2.5: kila sentimita ya mchoro ni N 2.5. Zidisha, umemaliza bila saini wala kosaini. Lakini kwenye karatasi semeni wazi kwamba pembetatu zinafanana, msahihishaji asidhani mmekisia.

Swali la nyongeza, ambalo hakuna aliyeligusa: kamba inakatika mvutano ukizidi N 100. Inaweza kuwa fupi kiasi gani? Kamba ikifupishwa, θ inakua na mvutano unapanda. Kwenye mpaka, cos θ = 60/100 = 0.6, basi sin θ = 0.8. Kwa kuwa sin θ = 10/OC, OC = 10/0.8 = 12.5 sm. Toa nusu kipenyo: kamba isipungue sm 2.5. Hapo ukuta unasukuma kwa 100 × 0.8 = 80 N, zaidi ya uzito wa tufe lenyewe.