Vikumbusho vya Maji na Mkao: Kitengo cha Hesabu, Jumanne ya Kufunga Mwezi

Ndugu wafanyakazi wenzangu, vikumbusho vya wiki iliyopita vililia kila baada ya nusu saa bila kujali nani yuko kwenye kikao na nani yumo katikati ya hesabu, na kufikia siku ya tatu karibu sote tulikuwa tumevizima. Mimi niliyevipanga nilikizima kimoja nikiwa ninawasomea wakaguzi tarakimu, nikapoteza mstari na kulazimika kuanza safu upya. Vya kesho vimefuata kalenda ya kitengo: vinakuja pale kazi inapokatika yenyewe, na katika vipindi viwili vya utulivu hakuna kitakacholia. Maandishi yatakayotokea kwenye skrini zenu ni haya.

Saa 2:10 asubuhi, kabla ya kufungua leja

Tafadhali kunywa gilasi moja ya maji sasa, kisha ujaze chupa yako ya mililita 750 na kuiweka upande wa mkono usioshika kipanya, ili isipigwe kikumbo ikamwagikia kibodi. Panga kiti kabla mwili haujazoea kukaa vibaya: nyayo zote mbili zikae sakafuni, makalio yarudi nyuma mpaka yaguse egemeo, na viwiko vikunjwe karibu na mbavu bila mabega kupanda. Skrini iwe umbali wa mkono ulionyooshwa, na ukingo wake wa juu uwe usawa wa macho au chini kidogo. Wenye kompyuta mpakato wana taabu yao, kwa sababu skrini na kibodi zimeunganishwa, na ukiiweka moja mahali pake nyingine inaharibika. Inua mashine juu ya boksi la karatasi na utumie kibodi ya pembeni, ambayo zimebaki mbili kabatini.

Saa 2:50 asubuhi, dakika 10 kabla ya kikao cha kitengo

Nenda msalani sasa. Mafunda mawili ya maji yanatosha. Kunywa nusu lita kabla ya kikao cha dakika 45 ni kujitafutia kukaa upande upande.

Saa 3:47 asubuhi, kikao kimekwisha

Simama kabla hujafungua barua pepe, kwa kuwa ukishafungua hutasimama. Kunywa gilasi moja, kisha shika egemeo la kiti na upande juu ya vidole vya miguu na kushuka polepole mara 15. Misuli ya tafu ikikaza hubana mishipa na kuisukuma damu kurudi juu kuelekea moyoni, kazi ambayo haiifanyi vizuri mtu anapokaa bila kutikisika. Ndiyo maana viatu vilivyokutosha asubuhi huanza kubana jioni. Una dakika 13 kabla ya kipindi cha utulivu, na mzunguko mmoja wa ngazi hauchukui hata tatu.

Saa 4:45 asubuhi, katikati ya kipindi cha utulivu (bila sauti, mstari mmoja kwenye kona ya skrini)

Ukifika mwisho wa safu unayosawazisha, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi kwa sekunde 20, pepesa macho mara kadhaa na ushushe mabega.

Saa 5:32 asubuhi, mwisho wa kipindi cha utulivu

Hiki ndicho kikumbusho ninachoomba usikipuuze hata ukivipuuza vingine vyote, kwa sababu umekaa dakika 90 ukizitazama tarakimu ndogo, na bila shaka kidevu kimeshatangulia mbele ya kifua. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo 5. Kikikaa sawasawa juu ya uti wa mgongo shingo inakibeba bila manung'uniko, lakini kikiinama mbele misuli ya nyuma ya shingo inalazimika kukivuta muda wote kisianguke, na hapo ndipo yanapotoka yale maumivu ya kati ya mabega. Ukiwa umesimama, rudisha kidevu nyuma kama anayetaka kujipa kidevu cha pili, shikilia kwa sekunde 5, na urudie mara 6. Kisha weka viganja kiunoni na ujipinde nyuma taratibu mara 3, bila kulazimisha. Ukisikia maumivu makali au ganzi inayoshuka mguuni, acha.

Visahani vya gegedu vilivyo kati ya pingili za mgongo havina mishipa yake ya damu ya kuvilisha katikati, bali hupata virutubishi vinavyopenya kutoka kandokando, na kubadili mkao husaidia maji yake kuingia na kutoka. Kwa hiyo hata mkao mzuri kabisa, ukishikiliwa asubuhi nzima, hautoshi. Kunywa mafunda machache. Kikao cha video kinaanza saa 5:45.

Saa 6:15 mchana, katikati ya kikao cha video (bila sauti)

Kama si zamu yako kuzungumza, sikiliza ukiwa umesimama. Hakuna atakayekuuliza.

Saa 6:47 mchana, au mara tu kikao kitakapokwisha

Maliza maji yaliyobaki katika chupa ya kwanza na uondoke mezani. Kikao kikipitiliza, kikumbusho hiki kitasubiri hadi saa 7:00 kamili na kutokea kimya, na mwenyekiti wa kikao ameshakubali kukitii. Chakula kiliwe mahali pengine, mbali na kibodi.

Saa 8:05 mchana, baada ya chakula

Jaza chupa tena. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilipendekeza mwaka 2010 jumla ya lita 2.0 za maji kwa siku kwa wanawake na lita 2.5 kwa wanaume, ikihesabu pamoja na maji yaliyomo katika vyakula na vinywaji vyote. Hivyo chupa mbili hapa kazini, pamoja na mlo na unachokunywa nyumbani, ni kiasi cha kawaida kwa mtu mzima mwenye afya. Chai na kahawa zinahesabika pia. Aliyepangiwa na daktari kiasi maalumu cha maji, kwa sababu ya figo au moyo, afuate cha daktari. Maneno ya maji yanaweza kuondolewa kwenye skrini yake na ya mkao yakabaki, na hatalazimika kunieleza sababu.

Saa 9:00 alasiri, katikati ya kipindi cha pili cha utulivu (bila sauti)

Makalio yameteleza mbele. Yarudishe kwenye egemeo, kisha utazame mbali kwa sekunde 20.

Saa 9:47 alasiri, mwisho wa kipindi cha pili

Kunywa gilasi moja ukiwa umesimama. Kunja na kunjua vidole mara 10, zungusha vifundo vya mikono, na uangalie kipanya: kama unakinyooshea mkono ili kukifikia, kisogeze karibu na kibodi. Kosa hili dogo ndilo linalolichosha bega moja na kuliacha la pili likiwa salama.

Saa 10:32 jioni, baada ya kikao kifupi cha marekebisho

Kazi iliyobaki ni ya kusoma na kutia saini, nayo inafanyika vizuri kwenye meza ndefu ya kusimamia iliyo karibu na mashine ya kuchapisha. Hamia huko.

Saa 10:50 jioni, kabla ya kufunga

Maliza chupa kama bado, uisuuze na uiache wazi ikauke. Kama kuna kikumbusho kilichokuingilia katikati ya kazi leo, niandikie saa yake tu, nami nitakisogeza kabla ya kesho saa 2:10.