Jibu kwa barua ya kubatilisha bima ya tuktuk

Mombasa, Machi 4, 2025

Kwa Meneja wa Madai,

KUH: BARUA YENU YA FEBRUARI 24 KUHUSU TUKTUK YANGU ILIYOGONGWA

Nimepokea barua yenu inayosema bima yangu ni batili kwa kuwa tuktuk ilitengenezwa kwenye gereji isiyo katika orodha yenu. Uamuzi huo siukubali.

Kutengenezwa ilitengenezwa, na sikuficha. Novemba 18 kebo ya klachi ilikatika, fundi wa jua kali hapo Kisauni akaweka mpya kwa shilingi 1,200. Asesa wenu aliponiuliza, risiti nilimpa kwa mkono wangu. Risiti hiyo hiyo ndiyo mnayoninyimia haki leo.

Ajali ilitokea Februari 5. Nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya kupanda Daraja la Nyali, upande wa Kongowea, na abiria wawili ndani, pikapu ikanivaa kwa nyuma. Ekseli imepinda, bodi ya nyuma imebonyea. Abstrakti ya polisi inaeleza nani alimgonga nani. Kebo ya klachi inaanzia kwenye usukani, na kazi yake ni kubadilisha gia tu. Sijui ingewezaje kuivuta pikapu kutoka nyuma. Ripoti ya asesa wenu nayo haisemi popote kwamba klachi ilichangia.

Kifungu cha 9 mlichonitajia nimekisoma mara tatu. Kinakataza kutengeneza hasara inayodaiwa kabla hamjaidhinisha gereji. Hasara ninayodai ni ya Februari 5, na tuktuk haijaguswa mpaka sasa, imeegeshwa nyumbani ikiwasubiri. Kebo iliyochakaa haimo humo. Kifungu cha 4 kinasema wazi kuwa uchakavu ni mzigo wangu. Basi mlitaka nilipe mimi, halafu fundi mnichagulie ninyi?

Kuna jambo jingine, nalo ndilo linalonisumbua zaidi. Kama bima ilikufa Novemba, pesa mlizopokea kwangu Desemba na Januari zilikuwa za nini? Na stika iliyo kwenye kioo, ambayo polisi huiangalia kila siku, ni yenu. Kwa maneno yenu, nimebeba abiria karibu miezi mitatu bila bima, na hilo ni kosa la jinai chini ya sheria ya bima ya magari, Sura ya 405. Kukataa dai moja na kubatilisha mkataba mzima ni mambo mawili tofauti, na barua yenu imeyachanganya.

Naomba mwondoe tamko la ubatili na mlipe shilingi 148,000 alizokadiria asesa wenu. Mkikataa, nionyesheni kwa maandishi maneno ya mkataba yanayokataza matengenezo ya kawaida nje ya orodha, na jinsi kebo ilivyosababisha ajali hii. Nasubiri jibu kwa siku 14. Baada ya hapo nitapeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima.

Nimeambatisha nakala za mkataba, risiti za malipo ya bima, abstrakti ya polisi na picha sita.

Wako mwaminifu,
Mwenye bima