Barua ya Kujitoa Kwenye Udhamini wa Timu

Barabara ya Enterprise,
Eneo la Viwanda, Nairobi
14 Oktoba 2025

Kwa Mwenyekiti,
Timu ya Soka ya Wanawake,
Jericho, Nairobi

Bi. Mwenyekiti,

KUH: KUJITOA KWENYE MKATABA WA UDHAMINI

Salamu kwako, kwa kocha na kwa wachezaji wote. Nasikitika kukuarifu kwamba kampuni yetu inajitoa kwenye mkataba wa udhamini tuliotia saini Februari 2024. Barua hii ndiyo ilani ya siku 60 inayotakiwa na kifungu cha 9, hivyo mkataba utakoma tarehe 13 Desemba 2025.

Wakili alinishauri niandike "mabadiliko ya mipango ya biashara" niishie hapo. Nimekataa. Ukweli ni kwamba hatuna pesa. Supamaketi iliyokuwa ikichukua karibu nusu ya mikate yetu imefunga matawi matatu tangu Juni, na inatudai uvumilivu badala ya kutulipa shilingi milioni 6.4. Hundi zake mbili zimerudi. Tumezima tanuri moja kati ya mawili, na mwezi jana niliwaachisha kazi watu 11. Baadhi yao unawajua: ndio wale waliokuwa wakija Camp Toyoyo na sufuria za kupiga kama ngoma. Siwezi kumwambia kijana wa kupakia mikate kwamba kazi imekwisha, halafu mwisho wa mwezi nitume shilingi 90,000 kwa timu.

Nimesikia pia yanayosemwa, eti tumechoshwa na zile mechi tano mlizofungwa mfululizo. Si kweli. Hata ubishi wetu wa mwaka jana kuhusu nembo kwenye bukta hauhusiki, ingawa bado naamini nilikuwa na haki.

Malipo ya Oktoba na Novemba yataingia kama kawaida. Desemba tutalipa mwezi mzima. Basi la mechi za ugenini limeshalipiwa hadi mwisho wa Novemba. Baada ya hapo mtajitegemea. Mikate 30 ya Jumamosi itaendelea kuja hadi tarehe ya mwisho, ila msishangae mingine ikiwa ya jana.

Jezi ni zenu. Mkitaka kubandua nembo yetu, bandueni. Na kile kifungu cha 6, kinachowazuia kuzungumza na kampuni nyingine za vyakula, nakiondoa kuanzia leo ili muanze kutafuta mdhamini mapema. Hata akija mwoka mikate mwenzetu, mpokeeni. Nitamweleza bila kuficha jinsi mlivyotunza kila shilingi, maana risiti zenu zilifika kabla sijaziulizia.

Ukiniruhusu, nitakuja mazoezini Alhamisi saa kumi jioni niwaambie wachezaji mwenyewe. Naomba wasiisikie kwa watu kabla ya hapo.

Wako mwaminifu,

Mkurugenzi Mtendaji

Nakala: Kocha Mkuu, Mweka Hazina wa timu