Majibu ya dai la kurejeshewa malipo: oda namba 4817

Kwa Kitengo cha Madai ya Kadi,

Tunapinga dai la mteja wetu kwamba viatu alivyoagiza havikufika.

Oda iliwekwa tarehe 3 Machi. Anwani ya kadi na ya kupokelea mzigo ni moja, na tarakimu 3 za nyuma ya kadi zililingana (kiambatisho A). Msafirishaji alikabidhi mzigo wa kilo 1.4 tarehe 7 Machi, kwa sahihi, kwenye anwani hiyohiyo (B).

Zaidi ya yote, someni barua pepe ya mteja ya tarehe 9 (C): “Viatu vinanibana, nataka saizi 42.” Aliyeandika hivyo ameshavivaa. Tulimtumia fomu ya kubadilisha siku hiyohiyo (D). Hakuijaza, wala viatu havijarudi.

Tunaomba dai likataliwe na fedha zirudishwe kwenye akaunti yetu.

Idara ya Mauzo