Shemeji alicheka mapumziko

Itazameni vizuri hii picha kabla hamjasoma. Kushoto ni mimi, kijani na njano. Kulia ni shemeji yangu, mume wa dada, jezi nyekundu, meno yote nje, kidole kimoja juu. Hicho kidole ni cha goli la Kibu Denis. Tumepiga mapumziko, ubao unasoma 1–1, na aliyeshika simu ni yeye mwenyewe. Alisema, "Shem, sogea tupige ya kumbukumbu sasa hivi, maana kipindi cha pili utakuwa umenuna."

Kumbukumbu hiyo hapo, shem. Naiweka na haitoki.

SIMBA 1, YANGA 5. Leo Jumapili, Novemba 5, 2023, Uwanja wa Benjamin Mkapa, mechi ya ligi, na wenyeji walikuwa wao! Mlituimbia wiki nzima kwamba kwa Mkapa hatoki mtu. Kweli hatukutoka. Tulikaa mpaka la tano.

Niwasimulie wale mliokuwa kazini na wale wa Muscat mnaonipigia tangu saa moja nikashindwa kupokea kwa kelele. Dakika ya 3 tu Kennedy Musonda kaweka kambani. Watu wengine walikuwa bado wanatafuta viti. Dakika ya 9 Kibu akasawazisha, na hapo ndipo shemeji akageuka kuwa mchambuzi. Akanieleza kwa kirefu kwamba Simba imetoka juzi tu kucheza na Al Ahly kwenye ligi mpya ya Afrika, mbili mbili hapa Dar, moja moja kule Cairo, "sasa shem, timu iliyomtoa jasho Al Ahly itaogopa nini Jangwani?" Nilimjibu kwamba Al Ahly hawana Max Nzengeli. Akacheka. Picha inamuonyesha akiwa bado anacheka.

Kipindi cha pili sikuangalia uwanja peke yake, niligawa macho. Jicho moja kwa mpira, jingine kwa shemeji. Alikuwa na karanga kwenye kijikaratasi, anatupia mdomoni mojamoja bila haraka, mtu mwenye amani. Dakika ya 64, Nzengeli. Karanga zikasimama. Dakika ya 73, Aziz Ki, na ile karatasi ikakunjwa ikaingia mfukoni. Dakika ya 77 Nzengeli tena! Hapo mkono wake ukawa unapapasa funguo, akaanza kuniambia habari za foleni ya Barabara ya Kilwa, eti tukitoka mapema tutapata usafiri. Shemeji, tunakaa Mtoni kwa Azizi Ali! Tunarudi kwa mguu! Nikamshika pindo la jezi. Nikamwambia kaa, mgeni haondoki kabla ya chakula kuisha.

Dakika ya 87, penalti. Pacome Zouzoua akaenda kuupiga, na mimi sikuweza hata kupiga kelele, koo lilishakauka, nikanyoosha mkono tu juu, vidole vyote vitano. Nikatazama pembeni, jukwaa zima la kwetu mikono iko hivyohivyo. Mkono. Kono la nyani. Nimekuja uwanja huu tangu nikiwa mdogo, nabebwa begani na baba, na sijawahi kuona kitu kizuri kama ile mikono.

Na sasa naomba tukumbushane, kwa sababu watani zetu wana usahaulifu wa makusudi. Mwezi wa sita na wa saba mlitwambia nini? Kocha Nabi kaondoka, Yanga basi. Fei Toto kaenda Azam, Yanga basi. Mayele kaenda Misri, Yanga imekwisha, mkafunga na mjadala. Tena Agosti mkatufunga kwa matuta kule Mkwakwani, Tanga, Ally Salim akadaka penalti mpaka Ngao ya Jamii ikaenda Msimbazi, mkasema si mnaona? Sisi tukanyamaza tukaingia kazini. KMC akala tano. JKT Tanzania akala tano. Azam akaja na Fei wake, tukampiga tatu kwa mbili, Aziz Ki zote tatu. Dalili zilikuwepo! Mtu akiona jirani zake wawili wamepigwa tano tano halafu yeye anakuja uwanjani na karanga, huyo amejitakia.

Kocha Gamondi, babu wa Kiajentina, Mungu akupe maisha marefu. Timu inakimbia dakika ya 87 kama dakika ya 3. Na huyu Pacome tuliyemtoa ASEC, na Max tuliyemtoa Maniema, waliowaleta hawa watu nawapa mkono wa shukrani. Wa vidole vitano.

Haya, najua mnakuja kwenye maoni na mwaka 2012. Njooni, nawasubiri. Mei 6, 2012, tano bila, Okwi mawili, na mpaka golikipa wenu Kaseja akaja kufunga penalti kwetu. Nilikuwepo. Nakumbuka kila kitu. Shemeji naye aliishika hiyo njia nzima kutoka uwanjani: "Shem, deni halijaisha. Sisi tulipiga tano bila, nyie tano moja. Bado goli moja mnadaiwa." Hesabu za mtu aliyefungwa hizo! Ila nampa haki yake, hoja anayo, na mimi nataka hilo goli moja lilipwe kweli. Mechi ya marudiano ipo. Tano bila. Naisema hadharani na iandikwe.

Na ya 1977 msiilete kwa kunong'ona, ileteni waziwazi. Sita bila, Kibadeni matatu. Mzee Kibadeni namheshimu kwa dhati, matatu kwenye mechi ya watani si kitu cha kubeza, na kwenu ni haki yenu kulitaja jina lake kila mwaka. Lakini mjue lilivyokaa nyumbani kwetu. Baba yangu alikuwa kijana mwaka ule, na hadi leo jina hilo halitajwi wakati wa chakula. Siku shemeji alipokuja kuposa, wazee wakamuuliza ukoo, wakamuuliza kazi, vyote vikakubalika. Mwisho baba akauliza, "Na timu?" Akajibu, "Simba, mzee." Kimya. Halafu baba akamgeukia mshenga: "Hapo mahari itabidi tuiangalie upya."

Ikaangaliwa, na ikalipwa yote. Ndiyo maana nampenda huyu mtu. Angeweza kudanganya pale mkekani, akasema mimi ni mtu wa Jangwani, akapunguziwa na kusifiwa. Hakudanganya. Na leo, nikisema ukweli wote, baada ya la tano viti vya upande wao vilikuwa vinaonekana rangi yake, watu wameshashika njia. Yeye alikaa. Alikaa mpaka filimbi ya mwisho, jezi yake haikuvuliwa wala kufunikwa na koti, akasimama akanipa mkono akasema, "Hongereni, mmetupiga." Halafu akapita katikati ya watu wetu nje pale getini, vuvuzela anapigiwa masikioni, watoto wanamnyooshea vidole vitano, naye anawajibu "tutaonana!" Shabiki wa kweli wa Simba ndiye huyo. Nikipewa tiketi mbili za mechi ijayo, moja ni ya kwake, nyekundu yake hivyohivyo. Kukaa na watu wa timu yangu tupu, nani nitamtania?

Wale wanaoniuliza kwa nini tunakaa pamoja, hatuogopi kugombana: klabu zenyewe ziko Kariakoo zote mbili. Moja Msimbazi, nyingine Jangwani na Twiga, unatoka huku unafika kule kwa mguu, hata jasho halijakutoka. Yanga ya 1935, wao 1936, wamekuja nyuma yetu mwaka mmoja, wakaitwa majina mengine, wakaitwa Sunderland, mpaka 1971 ndipo wakawa Simba. Hata umri tumewazidi, shem, shikamoo iko wapi? Nyumba moja kwetu ina njano na nyekundu, mtaa mmoja, daladala moja, hata msibani utawaona wamekaa mkeka mmoja wakichokozana kwa sauti ya chini. Dada yangu amekaa na hizo rangi mbili miaka yote na hajapasua sahani. Ingawa leo, aliponiona naingia mlangoni mkono juu, alisema tu, "Mwache mume wangu ale kwanza." Nikamwacha. Alikula kidogo.

Mtoto wao, miaka sita, asubuhi alivaa nyekundu ya baba yake. Usiku huu ameniuliza kama ile ya kijani aliyonunuliwa na babu bado inamtosha. Sisemi kitu. Mtoto ana macho.

Sasa kwenye biashara. Tuliwekeana ahadi mbele ya mashahidi, dada na baba: aliyefungwa ananunua supu na chapati kwa nyumba nzima Jumatatu asubuhi, anaibeba yeye mwenyewe kutoka kwa mpishi mpaka kwa baba, na njiani amevaa jezi ya aliyeshinda. Shemeji alipendekeza hilo la jezi. Alikuwa na uhakika sana, akasema ana jezi yake ya akiba, nyekundu, saizi yangu.

Shem, najua unasoma, nimeona umeipenda picha kabla hata hujafika kwenye maelezo. Supu ya ng'ombe, si ya kuku, baba amesisitiza. Chapati kumi na ndimu za kutosha, pilipili mbali. Usipite uchochoroni kwa nyuma, upite barabarani pale kijiweni, wapo watu wa Msimbazi na Jangwani wote wanakusubiri na simu zao, na mimi nitakuwa mbele yao. Jezi ya baba nimeshaipiga pasi, imetundikwa mlangoni kwa nje ili usipate tabu ya kubisha hodi usiku. Mgongoni ina namba, lakini nimebandika karatasi juu yake.

Karatasi inasema 5–1. Saa moja kamili, shem, supu itapoa ukichelewa.

#DaimaMbeleNyumaMwiko #Wananchi #TanoMoja #ShemejiWaMsimbazi