Sifuri Isiyokuwepo

Shafti ya pili niliipaka rangi nyekundu saa nne kasoro robo. Kulwa hakusema neno. Alisimama kando ya meza yangu akijifuta grisi kwa kitambaa, macho yake kwenye brashi. Ya kwanza nilikuwa nimeikataa jana yake jioni, na kosa lilikuwa lile lile: urefu wa kati ya bega na bega haukukaa.

"Imezidi ngapi, dada?"

"Mchoro unataka 412.75. Yako inasoma 412.84."

"Na ruhusa?"

"0.005. Juu au chini."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. Mzee Masanja, foromani wetu, alikuwa anapita na kikombe chake cha chai, akasimama kuitazama ile rangi nyekundu ikichuruzika kwenye chuma. "Shafti mbili," akasema. "Mbili, Kulwa. Mwisho wa mwezi tutaongea." Sote watatu tulijua kwamba mazungumzo ya mwisho wa mwezi hufanyika kwenye bahasha ya mshahara.

"Dada, naomba uipime tena baada ya chai," Kulwa akasema Mzee alipoondoka. "Imetoka kwenye mashine sasa hivi, bado ina moto."

Nilikubali, zaidi kwa huruma. Kulwa ana mwaka mmoja tu tangu atoke chuoni, lakini mkono anao. Siku hizo mbili nilimwona akihangaika na bega moja kama mtu anayenyoa ndevu za mtoto mchanga, anakata unywele, anapima, anakata tena.

Baada ya chai niliishika ile shafti. Imepoa. Nikafungua maikromita kubwa, ile ya 400 hadi 425, nikaipima sehemu tatu. 412.79. Bado imezidi, kwa hiyo rangi ilikuwa halali. Lakini ilikuwa imefupika kwa 0.05 wakati sisi tunakunywa chai na mihogo.

Hapo ndipo nilipokaa chini. Chuma kinapopata joto kinarefuka, hilo linajulikana, na kwa urefu kama ule digrii moja tu inaongeza karibu 0.005. Ruhusa yote ya mchoro inamezwa na digrii moja. Karakana yetu iko Igogo, bati juu, hakuna dari. Kati ya asubuhi na saa nane mchana joto linapanda digrii ngapi? Shafti iliyopimwa ikawa sahihi asubuhi ingekuwa mbovu mchana bila kuguswa na mtu. Na hii si spindo ya mashine ya kusagia vioo vya darubini. Ni shafti ya mashine ya kuchambulia pamba, inazunguka kwenye vumbi na nyuzi huko Simiyu. Nani anachora kitu cha pamba kwa ruhusa ya maabara?

Nikauchukua mchoro. Sikuwa nimeutazama vizuri, nakiri. Namba za kukagulia nilikuwa nimezinakili kwenye fomu yangu, na tangu hapo nilikuwa nasoma fomu. Mwaka jana wenye kiwanda cha pamba walitutumia picha yake kwa simu tukaichapa. Safari hii dereva wao alileta karatasi yenyewe pamoja na shafti iliyovunjika, aliyoiita sampuli. Karatasi kuukuu, imekunjwa hadi ukanda wa chini wenye jina la mchoro na maelezo umekatika na kupotea. Vipimo vikubwa vyote vilikuwa vimeandikwa kwa kalamu ya bluu juu ya wino mweupe wa kufutia: 412.75, 76.2, 61.91. Vile vidogo vilibaki vilevile vilivyochapwa.

Nikaviangalia hivyo vidogo. Ruhusa: ±.005. Kona ya bega: R.09. Kwenye alama ya ulaini wa uso: 63.

Nikasoma tena. ±.005. Hakuna sifuri mbele ya nukta.

Mwalimu wetu wa michoro alikuwa na kawaida ya kuchapa ubao kwa rula mtu akisahau hiyo sifuri. Milimita huandikwa 0.09, alikuwa anasema, sifuri imekaa mbele kama mlinzi getini. Mmarekani akichora kwa inchi haiweki. Anaanza na nukta. Tulikuwa tunacheka. Na ile 63 nayo: kwa mikromita, uso wa 63 ni kama barabara ya changarawe, hakuna anayeomba hivyo mahali pa kukalia beringi. Lakini kwa sehemu za milioni za inchi, 63 ni sawa na mikromita 1.6 zetu, kazi ya kawaida kabisa ya kerezo.

Nikachukua simu nikagawa 412.75 kwa 25.4. Ikatoka 16.25, safi, bila mkia. 76.2 ikatoka 3 kamili. Nikaenda dirishani nikaubandika mchoro kwenye kioo, jua likapenya kwenye karatasi, na chini ya wino mweupe ikaonekana: 16.25. Mtu fulani huko kiwandani, mwaka ambao hatutaujua, alibadilisha vipimo alivyoviona vikubwa, akadhani hizi nukta nukta hazina neno.

"Mzee," niliita. "Njoo uone."

Mzee Masanja alikuja na miwani yake iliyofungwa uzi. Akatazama kioo, akanitazama mimi, akatazama kioo.

"Inchi?"

"Inchi. Ruhusa yake si 0.005, ni karibu 0.127."

"Kwa hiyo shafti za huyu kijana…"

"Urefu wake uko ndani. Zote mbili. Hii imezidi 0.04, ya jana imepungua 0.05. Ziko ndani kabisa."

Kulwa alikuwa ameshazima mashine. Alikuja mbio huku ameshika chupa ya tina, tayari kufuta rangi yangu nyekundu. Ilibidi nimshike mkono.

"Subiri. Kona."

Nikamwonyesha ile R.09. Kwa milimita, hiyo ni unene wa unywele. Unanoa kisu kikali, unakata kona ya kisanduku, umemaliza. Ndivyo alivyofanya, na ndivyo fomu yangu ilivyotaka. Kwa inchi ni karibu milimita 2.3, mviringo unaoonekana kwa macho, unaoweza kuupitishia kucha na kuusikia ukiteremka taratibu kutoka kwenye bega hadi kwenye kikalio cha beringi. Huo mviringo haukuwekwa kwa urembo. Shafti ikizunguka na mzigo inapinda kidogo huku na huku, kila mzunguko, na pale kwenye kona kali ndipo nguvu zote zinapojazana.

"Si naweza kuichonga sasa?"

"Utachonga nini, mdogo wangu? Nyama ya huo mviringo umeshaitoa."

Akaiweka chupa chini. "Kwa hiyo bado ni mbovu."

"Ni mbovu. Ila si kwa sababu niliyokuandikia, na kosa si lako." Nikamgeukia Mzee. "Na mwisho wa mwezi hamna la kuongea."

Mzee Masanja alivua miwani, akaipangusa kwa shati, akairudisha. "Hamna," akasema. Kisha, maana naye ni foromani: "Ile ya tatu umefika wapi?"

"Upande mmoja tu, Mzee. Wa pili sijaugusa."

"Usiuguse."

Walienda kwenye mashine kuona kama ya tatu inaokoka. Mimi nilibaki na kitu kingine kilichokuwa kinanisumbua, nacho kilikuwa sakafuni chini ya meza: sampuli. Kipande kirefu na kipande kifupi, vimejaa grisi na nyuzi za pamba zilizoganda kama ndevu. Tangu ifike hakuna aliyeisafisha. Tulidhani imekufa kwa uzee.

Nikaifuta. Ilikuwa imekatikia begani, pale pale kwenye kona, kama iliyokatwa kwa kisu. Uso wa mkatiko ulikuwa laini karibu wote, una mistari iliyopindana, mmoja nyuma ya mwingine, kama mchanga wa Ziwa unavyobaki maji yakirudi nyuma. Upande mmoja tu, sehemu isiyozidi sarafu ya shilingi mia mbili, palikuwa na chembechembe mbichi. Hiyo ndiyo iliyokuwa imebaki ikibeba mzigo wote siku ilipokatika. Ufa ulianza kidogo kidogo, ukatembea wiki kwa wiki, huku mashine inachambua pamba na watu wanafunga marobota.

Nikapitisha kucha kwenye kona. Kali. Haina mviringo wowote.

Shafti ya kiwandani Marekani isingekuwa na kona ile. Hii ilikuwa nakala, imechongwa na mtu aliyesoma mchoro kama sisi tulivyousoma. Nikaanza kumlaani huyo fundi moyoni, hata nikamjengea karakana yake, chafu, ya mtaa wa nyuma, isiyo na mkaguzi. Kisha nikageuza kile kipande kirefu nikamwagia tina kwenye ncha yake. Grisi ikateremka. Chini yake kulikuwa na alama ya muhuri wa kugonga kwa nyundo, herufi N na namba 7, ndani ya kiduara.

N ni Neema. Saba ni namba ya meza yangu.

Sikuita mtu. Nilifungua daftari la mwaka jana, nikatafuta, nikakuta mwandiko wangu mwenyewe: shafti, vipande 2, kona R 0.09, sawa, imepita. Sifuri niliiweka mimi. Kwenye mchoro haikuwepo. Niliona nukta iko peke yake, nikaisaidia.

Vipande viwili. Nikasoma mstari huo mara nyingine.

Fundi mkuu wa kiwanda alipokea simu baada ya kuita sana. Nyuma yake kulikuwa na mngurumo, ule mlio mzito wa mashine za pamba msimu ukishapamba moto.

"Dada Neema! Mmemaliza? Njooni mtuokoe, magari ya pamba yamepanga foleni hadi barabarani."

"Bado, kaka. Nauliza. Mwaka jana tuliwapa shafti mbili. Iliyovunjika ni moja. Nyingine iko wapi?"

"Iko mashine ya pili. Hiyo haina tabu hata kidogo, ndiyo inayotubeba. Tangu saa kumi na mbili asubuhi haijalala."

"Kuna watu karibu yake?"

"Si wanaoilisha? Wapo." Akanyamaza kidogo. "Kwani vipi?"

"Zima."

"Dada, nimekwambia foleni—"

"Kaka, nilikosea mimi. Mwaka jana, mimi niliyeigonga muhuri. Kona yake ni sawa na ya ile iliyovunjika. Naomba izimwe kwanza, uniseme baadaye."

Hakujibu. Nilisikia anaondoka na simu mkononi, viatu kwenye zege, akipaza sauti kumwita mtu kwa Kisukuma. Upande wa pili wa karakana Kulwa alikuwa amewasha tena kerezo na Mzee Masanja ameinama begani kwake. Niliziba sikio moja kwa kiganja. Mngurumo wa kule uliendelea, ukaendelea, kisha ukaanza kushuka, polepole, kama gari linalopanda mlima likiishiwa mafuta, hadi nikaweza kusikia ndege kwenye mapaa yao.

"Imezimwa," akasema. "Haya. Niambie."