Mchango wa Barasa

NDANI. OFISI YA WAKALA WA BIMA, GHOROFA YA SITA, KANDO YA TOM MBOYA STREET. JUMATATU ASUBUHI.

(Lifti imekufa. Kamera inapanda ngazi ikitikisika. Mpigapicha anasikika akihema.)

MSIMULIZI (sauti tulivu, kama anasoma taarifa ya habari): Ofisi hii inauza bima ya moto, ya wizi na ya magari. Ijumaa iliyopita wafanyakazi walimuaga Barasa wa idara ya fidia, aliyepata kazi Mombasa. Leo ni Jumatatu.

(Mlango unafunguka. BARASA anaingia akiburuta sanduku jipya la magurudumu. Utepe mwekundu bado umefungwa mpinini. Gurudumu moja linalia.)

BARASA: Hamjambo.

(Kimya. ZAINABU, mhasibu, anainama kutafuta kitu chini ya meza. Anabaki huko huko.)

KATA KWA: MAHOJIANO, BARASA. Ameketi bohari, kati ya maboksi ya fomu.

BARASA: Nilishuka Miritini Jumamosi mchana. Simu kushika tu mtandao, ujumbe huo: "Nafasi imesimamishwa hadi utakapoarifiwa." (Kimya kirefu.) Sasa ningefanya nini? Nikaenda Likoni, nikavuka feri mara nne. Kwa mtu wa miguu ni bure.

KATA KWA: MAHOJIANO, ZAINABU. Mbele yake daftari la michango.

ZAINABU: Mimi ndiye mweka hazina wa welfea, kwa hivyo hesabu ninayo. Watu 16, kila mmoja 500. Madam 1,000. Jumla 9,000. Sanduku 4,500, keki 2,800, kadi 200, na 1,500 taslimu ikawa nauli yake ya treni, daraja la kawaida. (Anafunga daftari.) Sina shida na Barasa. Nina shida na kadi. Niliandika "Hatutakusahau." Hatukupewa hata nafasi ya kujaribu.

MSIMULIZI: Ili kuelewa hali ilivyo, ni lazima turudi Ijumaa. Katika mila za ofisi, anayeaga husamehewa yote atakayosema. Msamaha huo hutegemea kuondoka.

KATA KWA: VIDEO YA SIMU, IJUMAA JIONI. Keki imeandikwa "SAFARI NJEMA BARASA". Barasa amesimama na soda mkononi, macho yamelegea kwa furaha.

BARASA: Madam Nyambura, nimekuheshimu miaka sita. Kile kikao cha Jumatatu kinaanza kwa maombi, na mimi kila wiki huwa naomba kiishe. (Kicheko. Madam anacheka kuliko wote.) Mzee Kilonzo, printa haikuuawa na stima. Niliimwagia chai. (Kicheko.) Zainabu, zile chapati zako za Alhamisi...

(Zainabu anaacha kucheka.)

KATA KWA: OFISINI, JUMATATU. Barasa amesimama mbele ya meza yake ya zamani. CHEBET, mwanafunzi wa mafunzo ya kazi, ameikalia. Ameshabandika picha ya mamake ukutani.

CHEBET: Shikamoo.

BARASA: Marahaba. Endelea tu, usijali. Mimi nitakaa hapa.

(Anakalia sanduku. Gurudumu linalia. Sanduku linasogea taratibu, likimpeleka kwenye mtungi wa maji. Hakuna anayemshika.)

KATA KWA: MAHOJIANO, MZEE KILONZO. Miaka 22 katika fidia. Miwani kwenye ncha ya pua.

MZEE KILONZO: Kijana, bima ina kanuni. Fidia humrudisha mtu pale alipokuwa kabla ya hasara. Haimwachi na faida. Sasa Barasa amerudi pale alipokuwa, sawa? Lakini amerudi na sanduku. (Anaisogelea kamera.) Hiyo ni faida.

SAUTI YA MWANDISHI: Na keki?

MZEE KILONZO: Tukishalipa, mabaki ni mali ya aliyelipa. Keki iliyo kwenye friji ni mabaki.

(Kamera inashuka polepole. Kidevuni kwa Mzee kuna krimu ya buluu.)

KATA KWA: MAHOJIANO, KEVO wa mauzo. Ndiye pekee anayetabasamu.

KEVO: Mimi niliahidi 2,000. Mbele ya watu wote, nikapigiwa makofi. Nikasema natuma jioni, na ya kutolea. (Anaegemea kiti.) Jioni haikufika. Wenzangu wananiuliza nilijuaje. Nawaambia, ni uzoefu wa soko.

NDANI. CHUMBA CHA MIKUTANO, SAA NNE. Kikao cha Jumatatu. MADAM NYAMBURA, meneja, ameketi kichwani mwa meza.

MADAM NYAMBURA: Tuombe. Barasa, utatuongoza.

(Barasa anasimama. Anamwangalia Madam. Madam hapepesi macho.)

BARASA: Baba... tunakushukuru kwa kikao hiki. Tunaomba... (kimya) ...kiendelee.

WOTE: Amina.

MADAM NYAMBURA: Amina. Kitaendelea. Ajenda ya kwanza, Barasa.

MZEE KILONZO: Madam, ninaomba tulitazame kama dai. Tuliloliwekea pesa ni kuondoka. Kuondoka hakukutokea.

BARASA: Mzee, nimeondoka. Nimefika Mombasa! Nina tikiti.

MZEE KILONZO: Ulitembea. Kuondoka ni kitu kingine.

ZAINABU: Na chapati ziwekwe kwenye kumbukumbu za kikao.

MADAM NYAMBURA: Chebet, andika chapati.

CHEBET: Ngapi?

(Macho yote kwa Barasa. Anahesabu kwa vidole. Vidole vya mkono mmoja vinaisha. Anaweka simu chini ili apate mkono wa pili.)

MSIMULIZI: Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya siku 28. Barasa aliandika barua hiyo mapema na kuiweka mezani kwa meneja wake.

KATA KWA: OFISI YA MADAM NYAMBURA. Anainua chungu cha maua. Chini yake kuna bahasha, imefungwa bado, ina duara la maji. Anaiangalia. Anaiangalia kamera. Anarudisha chungu juu yake.

KATA KWA: MAHOJIANO, MADAM NYAMBURA.

MADAM NYAMBURA: Kwa hivyo kwa mujibu wa karatasi, Barasa hajawahi kuacha kazi. Mimi nilikula keki ya mtu ambaye hakuwa anaenda popote. Nikatoa hotuba. Nikasema hakuna atakayejaza pengo lake. (Anakunja mikono.) Tena nililia, na yule kijana wa video akasogea karibu.

KATA KWA: VIDEO YA SIMU, IJUMAA. Madam analia. Video inasogea karibu.

NDANI. OFISINI, SAA KUMI NA MOJA JIONI. Mvua inapiga madirisha. Wote wamesimama wakitazama barabara: nauli zimepanda na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kushuka. Barasa amesimama peke yake. Zainabu anamjia na kikombe.

ZAINABU: Chai.

BARASA: Asante, dada. Na kuhusu zile chapati...

ZAINABU: Zilikuwa nzuri?

BARASA: Zaidi ya nzuri.

ZAINABU: Basi Alhamisi nitabeba mbili zaidi. Lakini uombe kwanza, usiibe.

(Anarudi mezani. Anashika simu, anaandika. Sekunde kadhaa. Simu zote ofisini zinatetemeka kwa pamoja. Kamera inakaribia kioo cha simu ya Mzee Kilonzo: "Zainabu amekuongeza kwenye kikundi: KUMKARIBISHA BARASA. Kila mtu 500, na ya kutolea.")

(Kimya. Mvua. Mzee Kilonzo anavua miwani na kuifuta kwa tai.)

KEVO (akiinua mkono): Mimi naahidi 3,000.

(Makofi.)